Wa tano kati ya wanane

Tarehe 12 Agosti 2016, katika bwawa la Michezo ya Olimpiki ya Rio, Joseph Schooling wa Singapuri alishinda fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo kwa sekunde 50.39. Nyuma yake wakagusa ukuta watu watatu kwa muda uleule, sekunde 51.14: Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na Laszlo Cseh wa Hungaria. Wote watatu wakavishwa medali ya fedha. Medali ya shaba haikutolewa, na muogeleaji aliyefuata akaandikwa wa tano.

Kwa nini wa tano, na si wa tatu? Kwa sababu waamuzi walihesabu watu. Mbele yake walikuwa wanne, kwa hiyo yeye ni wa tano. Huu ndio upangaji wa mashindano: hesabu walio mbele yako, ongeza mmoja. Wakifungana watu, nafasi zinazofuata zinarukwa. Upangaji wa pili hauhesabu watu, unahesabu alama tofauti zilizo juu yako, na kwa hiyo nafasi zake hufuatana bila pengo. Kwa mtindo huo, muogeleaji yule angekuwa wa tatu.

Nilipofundisha twisheni nilichanganya mitindo hii miwili bila kujua. Wanafunzi walikuwa wanane, na programu yangu fupi ya Python ilipanga alama zao kwanza kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ikazipitia moja moja. Hii hapa, ikitoa nafasi zote mbili kwa pamoja:

```python
alama = [78, 91, 85, 78, 85, 62, 85, 54]
mashindano = 0
mfululizo = 0
iliyopita = None

for i, a in enumerate(sorted(alama, reverse=True), start=1):
    if a != iliyopita:
        mashindano = i
        mfululizo += 1
        iliyopita = a
    print(a, mashindano, mfululizo)
```

Fuatilia `i`: ni idadi ya wanafunzi tuliokwisha kuwafikia. Ya kwanza ni 91, nafasi 1 kwa mitindo yote miwili. Inakuja 85, alama mpya, `i` ni 2, nafasi 2. Kisha 85 nyingine mbili: `i` inapanda hadi 3, halafu 4, lakini alama haijabadilika, basi hakuna nafasi inayoguswa. Tunapofika 78, `i` ni 5. Nafasi ya mashindano inaruka moja kwa moja hadi 5. Ya mfululizo inasogea hatua moja tu, hadi 3. Mwishoni nafasi za mashindano ni 1, 2, 2, 2, 5, 5, 7, 8, na za mfululizo ni 1, 2, 2, 2, 3, 3, 4, 5. Ukisahau mstari wa `iliyopita = a`, kila alama itaonekana mpya, na wenzao waliofungana watatenganishwa 2, 3, 4. Ukiona hivyo kwenye karatasi, ujue kosa liko hapo.

Mimi niliandika ripoti kwa nafasi za mfululizo, kisha nikaongeza idadi ya wanafunzi. Mama mmoja akaja na karatasi mkononi, uso umekunjuka.

"Mwalimu, mwanangu wa tano kati ya wanane. Safari hii kawaacha wenzake watatu."

Mtoto alikuwa na 54. Hakuwa amemwacha yeyote. Namba 5 ilikuwa imehesabu alama, namba 8 ilikuwa imehesabu watoto, nami nilikuwa nimeziweka mstari mmoja kana kwamba zinapimana. Nilimweleza, na lilikuwa jambo gumu kumwambia mzazi aliyefurahi. Tangu siku ile, penye neno "kati ya" natumia mashindano tu.

Mfululizo una mahali pake. Tuseme umetangaza zawadi kwa alama tatu za juu. Hapo unataka 91, 85 na 78, na mfululizo unakupa nafasi 1 hadi 3 bila pengo. Ila nunua madaftari sita, si matatu, maana alama hizo tatu zimeshikwa na watoto sita. Kwa mashindano, nafasi 1 hadi 3 wanaingia wanne tu, na wa tatu hayupo kabisa.

Uangalifu mmoja zaidi ni kwa wastani wenye desimali. Mtoto mwenye 78.4 na mwenye 77.6 wote huchapishwa 78 ukikadiria hadi namba nzima, lakini programu inawaona tofauti. Mmoja atatoka wa tano na mwingine wa sita, huku wazazi wao wakisoma 78 ileile. Amua mapema: ama ukadirie alama kabla ya kuzipanga, ama uchapishe desimali yake ionekane.