Picha 360 za Video ya Saa Moja

Ukipitisha kipanya juu ya mstari wa muda wa video ya YouTube, picha ndogo hujitokeza na kukuonyesha kilichopo mahali hapo kabla hujabofya. Mtu anaweza kudhani kompyuta imekimbilia mbele ndani ya video ikarudi na picha. Ingekuwa hivyo, mtazamaji mwenye intaneti ya kusuasua angengoja hadi achoke. Picha hizo zilishatolewa baada ya video kupakiwa, zikapangwa safu kwa safu ndani ya picha moja kubwa. Kinachofanyika unapogusa mstari ni kukata kipande kinachohusika na kukionyesha.

Tuchukue video ya mkutano wa saa moja. Tukitoa picha moja kila sekunde 10 tunapata picha 360. Tukiziacha faili 360, kila moja italazimika kuombwa peke yake kutoka kwenye seva. Kwa hiyo hupangwa kumi kwa kumi: picha 100 katika ukurasa mmoja, kurasa nne kwa video nzima, na wa mwisho ukibaki na nafasi 40 tupu. Kila picha ikiwa na upana wa nukta 160 na kimo cha 90, ukurasa mzima unakuwa 1600 kwa 900.

Mtazamaji akisimama kwenye sekunde ya 2,345, yaani dakika ya 39 na sekunde 5, anahitaji picha namba 234, tukianza kuhesabu kutoka sifuri. Hiyo iko ukurasa wa tatu, nukta 640 kutoka kushoto na 270 kutoka juu. Maelezo hayo huandikwa kwenye faili dogo la maandishi la aina ya VTT:

```
00:39:00.000 --> 00:39:10.000
ukurasa_03.jpg#xywh=640,270,160,90
```

Hesabu hii ni nyepesi. Uzito uko kwenye kuifungua video yenyewe, hasa maktaba ikiwa na video elfu ishirini zinazongoja zamu. Video haihifadhi kila picha ikiwa kamili. Kila baada ya muda huwekwa fremu kuu, ambayo ni picha nzima, na zinazoifuata huandika zaidi kile kilichobadilika. Ili kuipata fremu ya katikati, kompyuta hurudi kwenye fremu kuu iliyotangulia na kuanza kujenga kutoka hapo. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, saa moja ni fremu 90,000, nasi tunataka 360 tu. Basi tunaiambia programu ya ffmpeg izifungue fremu kuu peke yake:

```
ffmpeg -skip_frame nokey -i mkutano.mp4 \
 -vf "fps=1/10,scale=160:90,tile=10x10" ukurasa_%02d.jpg
```

Kazi inapungua sana, lakini usahihi nao unapungua. Fremu kuu hazikai kwa nafasi sawa. Programu ya x264, isipopewa maagizo mengine, haipitishi fremu 250 bila kuweka fremu kuu, nazo kwa video yetu ni sekunde 10. Mandhari ikibadilika ghafla, huongeza nyingine papo hapo. Ndiyo maana anayechukua kila fremu kuu na kuihesabu kuwa sekunde 10 huharibikiwa: video yenye mikato mingi humpa picha nyingi kupita kiasi, na kosa hukua kadiri video inavyosonga. Sehemu ya `fps=1/10` hufuata saa halisi ya video, hivyo kosa halirundikani. Picha hupishana na tukio kwa sekunde chache tu. Kwa kutafuta mahali pa kubofya, mimi naona hiyo inatosha. Usipime mwanzoni mwa video, kwa kuwa hapo hata hesabu mbovu huonekana sawa. Nenda dakika ya 55, tazama picha ndogo, kisha bofya uone kama zinafanana.

Picha ya jalada, ile inayoonekana kabla video haijachezwa, ina shida yake. Fremu ya kwanza mara nyingi ni nyeusi, kwa sababu video nyingi huanza gizani. Kichujio cha ffmpeg kiitwacho `thumbnail` hutazama fremu 100 kwa mkupuo na kuchagua ile ambayo mgawanyo wa rangi zake unakaribia zaidi wastani wa kundi. Kinakwepa mweko na giza la kupita, ila hakijui sura ya mtu: msemaji aliyefumba macho anaweza kuchaguliwa bila kusita. Na kama fremu zote 100 ni nyeusi, kitakupa nyeusi. Afadhali kuanzia ndani kidogo, tuseme baada ya sehemu ya kumi ya urefu wa video.

Majalada meusi yaliyopenya hayahitaji mtu wa kuyakagua moja moja. Picha ya JPEG isiyo na kitu ndani yake hubanwa ikawa nyepesi mno, kwa hiyo panga faili zote za majalada kwa ukubwa, nyepesi zitangulie. Meusi, meupe na yenye rangi moja yatajikusanya juu ya orodha, nawe utazirudia video hizo tu, ukianzia sekunde nyingine.