Kifua Kikubwa, Mabega Membamba: Rekebisha Karatasi Kwanza

Mwanamke mwenye matiti makubwa na mabega membamba akichagua pateni ya gauni kwa kipimo cha kifua peke yake, litamtosha kifuani lakini mabega yatamdondoka na shingo itapwaya. Akichukua saizi ndogo, mikunjo itavuta kuelekea matitini na pindo la mbele litapanda juu. Pateni nyingi za dukani huchorwa kwa mwili wa sidiria ya kikombe B, kwa hiyo aliyezidi hapo lazima afungue karatasi.

Pima mara mbili: kwanza juu ya matiti, utepe ukipita chini ya makwapa, kisha penye matiti yenyewe. Tofauti ikizidi inchi 2, chagua saizi kwa kipimo cha juu, ukikitumia kana kwamba ndicho cha kifua. Tuseme juu ni 36 na matitini 39. Chukua saizi 14, ambayo kwa pateni za Kimarekani huwa ya kifua cha inchi 36. Zinapungua inchi 3, na kwa kuwa kipande cha mbele kwenye karatasi ni nusu tu ya mwili, utafungua inchi moja na nusu.

Nakili kipande hicho kwenye karatasi nyingine, ukiwekee mwilini na utie alama penye chuchu. Kutoka alama hiyo chora mstari wa kushuka hadi chini, sambamba na mshale wa uzi, na mwingine wa kupanda hadi theluthi ya chini ya tundu la mkono. Wa tatu upite katikati ya dati ya ubavuni. Kata mstari wa chini hadi kwenye alama, endelea kuelekea tundu la mkono, lakini uishie kwenye mshono ili karatasi ibaki imeshikana. Dati nayo ikate kutoka ubavuni, uache uzi mwembamba wa karatasi penye alama.

Sasa sogeza upande wa ubavu nje mpaka kingo mbili za mstari wa chini ziachane inchi moja na nusu, zikiwa sambamba. Dati itapanuka yenyewe, na hapo ndipo titi linapopata nafasi yake. Mabega na shingo havijaguswa. Upande wa ubavu utakuwa umeshuka kuliko wa kati, basi kata wa kati kwa mlalo, ushushe mpaka chini palingane. Ziba mapengo kwa karatasi na gundi ya utepe, kisha chora dati upya, ncha yake iishie kama inchi moja kabla ya chuchu. Wengi huifikisha kwenye chuchu kabisa, na nguo hutokeza kichomozi.

Kiuno nacho kimeongezeka inchi 3 kuzunguka mwili. Usipozihitaji, zitoe kwa dati ya kiunoni. Funga dati ya ubavuni kwa pini, ulinganishe ubavu wa mbele na wa nyuma.

Jaribu kwa marekani kabla ya kukata kitambaa chenyewe. Mshono wa ubavu ukivutwa mbele, nafasi bado haitoshi; kitambaa kikilegea penye matiti, umefungua kupita kiasi.