Rafu ya Mteja Asiyefika

Hadithi fupi ya muuza vitabu anayemwekea vitabu mteja asiyefika dukani hudai jambo moja kutoka kwa mwandishi wake: sababu ya kumwekea. Muuza vitabu ana kodi ya kulipa, na kila kitabu anachokificha kwenye rafu ni fedha iliyolala. Akikiweka kwa mapenzi matupu, msomaji atamwona mjinga. Namna ya kuitafuta sababu hiyo inaonekana vizuri katika kisa cha kweli cha duka la Marks & Co, namba 84, Barabara ya Charing Cross, London.

Duka hilo lilikuwa la Marks na Cohen, nalo liliuza vitabu vya zamani. Tarehe 5 Oktoba 1949 liliandikiwa barua na Helene Hanff, mwandishi wa New York asiye na fedha nyingi, aliyeliona tangazo lao gazetini. Alipeleka orodha ya vitabu alivyovikosa kwao, akaweka sharti kwamba kitabu kisizidi dola tano. Wakati ulimpendelea. Mwezi uliotangulia, pauni ya Uingereza ilikuwa imeshushwa thamani kutoka takriban dola nne hadi dola 2.80, hivyo dola zake chache zilinunua zaidi London.

Aliyemjibu ni Frank Doel, mnunuzi mkuu wa duka. Biashara ya vitabu vya zamani haina ghala la kuagizia. Kitabu hupatikana pale mwenye maktaba anapofariki au nyumba kubwa ya shamba inapouzwa, na Doel alisafiri mikoani kununua maktaba za namna hiyo. Kwa hiyo orodha ya mteja humkaa mnunuzi kichwani kwa miezi, hata miaka. Akikutana na kitabu kilichomo, hukinunua, hukitenga, kisha humwandikia mteja na kumtajia bei. Hapo ndipo rafu ya mteja huzaliwa.

Hanff alilipa kwa noti za dola alizozitia ndani ya bahasha, jambo lililomtia Doel wasiwasi. Kwa kuwa bei za vitabu hazikulingana na noti, mara nyingi alibakiwa na salio. Salio hilo dogo ndilo fundo la kisa: duka linamdaiwa kitabu, naye anadai kitabu, na hesabu haifungwi. Mwandishi wa hadithi fupi angefanya vyema kulikamata hili kabla ya kugusa upendo au upweke, maana mtu anayeweka kitabu kwa sababu ya deni haonekani mjinga.

Baadaye deni likageuka upande. Uingereza ilikuwa bado na mgao wa chakula, na nyama haikuachiwa huru hadi 1954. Hanff alipopata habari hiyo, alianza kutuma vifurushi vya vyakula kwa wafanyakazi wote. Kifurushi cha kwanza kilikuwa na nyama ya nguruwe, na baada ya kukiagiza akashtuka: je, Marks na Cohen si Wayahudi? Akaandika kwa haraka kuuliza kama abadilishe. Kuanzia hapo wafanyakazi wengine, na hata mke wa Doel, wakaanza kumwandikia.

Walimwalika London mara kwa mara. Mwaka 1953 alikusudia kwenda wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, lakini gharama za kutibiwa meno zilimeza akiba yake. Sababu ya namna hii ina nguvu kuliko vita, ugonjwa au ajali ya meli, kwa kuwa kila msomaji anaijua. Watunzi wengi huharibu hadithi hii kwa kumuua mteja kwa siri na kumwacha muuza vitabu asijue. Mshangao huo ni rahisi mno, na unamfuta mteja asiwe mtu.

Uhalisia ulifanya kinyume. Aliyekufa ni muuza vitabu. Doel alifariki tarehe 22 Desemba 1968 baada ya kidole tumbo kupasuka, na Hanff alipata habari kwa barua ya dukani iliyoandikwa Januari 1969. Barua za miaka ishirini alizikusanya katika kitabu kilichotoka 1970. Mwishoni mwa mwaka huo duka likafungwa. Hanff alifika London Juni 1971, kwa ajili ya toleo la Kiingereza la huko, akapokewa na mjane wa Doel na binti yake.

Anayetaka kuiandika hadithi hii upya basi na aanzie kwenye daftari la madeni la duka, si kwenye rafu yenye vumbi.