Kidole Kimoja Chini ya Pia ya Goti

Mwombe mchezaji wa voliboli anayelalamikia goti akuonyeshe panapouma, kisha utazame mkono wake. Akilipapasa goti zima kwa kiganja, huenda tatizo liko kwingine. Lakini akiweka ncha ya kidole kimoja pale pale pia ya goti inapoishia kwa chini, na akipabonyeza anakunja uso, umelikaribia jibu. Hapo ndipo inapoanzia kano nene inayoshuka hadi kwenye mfupa wa muundi, na ndiyo inayobeba nguvu zote za misuli ya paja mtu anaporuka na, zaidi, anapotua.

Waganga wa michezo huliita goti la mrukaji. Mwaka 2005 watafiti wa Norwei walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanamichezo wa ngazi ya juu nchini mwao: kati ya wachezaji wa voliboli, 45 katika kila 100 walikuwa na tatizo hilo wakati huo, na kwa wa mpira wa kikapu 32. Jambo la kushangaza ni kwamba, katika tafiti zilizofuata, wanaoumia zaidi si wale wazito wasioweza kuruka. Ni hodari, wale wanaopaa juu kuliko wenzao, kwa kuwa anayeruka juu hutua kwa kishindo kikubwa. Kutua baada ya smashi kunaweza kuivuta kano hiyo kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili.

Kano si kamba iliyokufa. Imesukwa kwa nyuzi za kolajeni, na ndani yake mna chembe hai zinazozikarabati nyuzi hizo polepole mno. Mazoezi yakiongezwa ghafla, tuseme mashindano ya siku tatu mfululizo baada ya likizo ndefu, uchakavu huutangulia ukarabati. Sehemu ya kano huvimba na mpangilio wa nyuzi huvurugika. Ndiyo maana dawa za kutuliza uvimbe hazilimalizi tatizo, na sindano ya steroidi, ambayo huleta nafuu ya haraka, ilionekana katika utafiti mmoja wa Denmaki kupoteza faida yake kufikia mwezi wa sita, huku waliofanya mazoezi mazito ya taratibu wakiendelea vizuri.

Maumivu haya yana tabia yake. Yanauma mwanzoni mwa mazoezi, yanapungua mwili ukipata moto, mchezaji anadhani amepona, kisha asubuhi ya pili anashuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta. Akipumzika wiki tatu, hayaumi kabisa. Akirudi uwanjani, siku ya kwanza tu yamerudi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kupumzika huondoa maumivu lakini huidhoofisha kano na misuli ya paja iliyokuwa ikiikinga, na mrukaji hurudi kwenye miruko ile ile akiwa na goti dhaifu kuliko alivyoondoka. Kinachohitajika ni mzigo, ila uongezwe kwa vipimo, hatua kwa hatua.

Chukua mfano wa mpiga smashi wa miaka 20 ambaye goti lake la kushoto limemsumbua kwa miezi minne. Hajaambiwa aache kila kitu, ila ameacha kuruka kwa sasa. Hatua ya kwanza ni kukaza msuli bila goti kusogea. Anakaa kwenye mashine ya kunyoosha miguu ya jimu, anainyanyua kwa mguu mmoja hadi goti liwe limekunjika kiasi cha nyuzi 60, na anaushikilia mzigo hapo kwa sekunde 45. Anapumzika dakika mbili, kisha anarudia hadi zitimie mara tano. Ikiwa uzito wa juu kabisa anaouweza ni kilo 50, anatumia takriban 35. Asiye na mashine hufunga mkanda imara kwenye nguzo, huupitisha nyuma ya magoti na kuchuchumaa nusu akiwa ameegemea nyuma. Baadhi ya wachezaji hupata nafuu papo hapo. Wengine hawahisi tofauti, na hilo halimaanishi kwamba wamekosea.

Hatua ya pili ina uzito na mwendo: kukunja na kunyoosha, sekunde tatu kwenda na tatu kurudi, seti nne, siku moja ndiyo siku moja hapana. Anaanza na mzigo unaomchosha kwenye mara 15, na majuma yanavyopita anauongeza hadi awe anaweza mara 6 tu. Wengi huona hatua hii inachosha akili, kwani hakuna mpira wala shangwe, na huikatisha mapema. Kuharakisha hapa ndiyo sababu kubwa ya kurudi nyuma.

Je, atajuaje kama mzigo umezidi? Hapimi wakati anafanya zoezi peke yake. Kila asubuhi anasimama kwa mguu mgonjwa juu ya kipande cha ubao chenye mteremko wa nyuzi 25 (seremala akikata msingi wa sentimita 30 na kuinua kisigino sentimita 14, kimetosha), anachuchumaa mara moja na kuyapa maumivu alama kati ya sifuri na kumi. Tatu au pungufu inavumilika. Kama jana ilikuwa mbili na leo ni tano, zoezi la jana lilikuwa kubwa mno, na linapunguzwa. Picha ya ultrasaundi haisaidii kwa kazi hii: wapo wanaoruka bila maumivu yoyote na kano zao zinaonekana zimechakaa kwenye skrini.

Mpiga smashi wetu akikaa chini ya alama tatu kwa walau wiki moja, huku nguvu za paja zikirudi, anaruhusiwa kuingia hatua ya tatu: kuruka. Ni miruko midogo kwa miguu yote miwili kwanza, halafu kwa mmoja, kisha mbio za kugeuka na kusimama ghafla. Hufanywa kila baada ya siku mbili, kwa sababu kano huhitaji muda kujibu. Siku za katikati anarudi kwenye vyuma. Hatua ya nne ni uwanjani, na mwalimu huhesabu miruko: kumi na tano Jumatatu, hakuna Jumanne, ishirini Alhamisi.

Mpango wa aina hii ulijaribiwa Rotadamu kwa wanamichezo 76 na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Walioufuata walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa zoezi la zamani la kushuka polepole kwa maumivu. Hata hivyo, baada ya wiki 24, ni 43 katika kila 100 waliokuwa wamerudi kwenye kiwango chao cha awali. Anayemwahidi mchezaji wake mwezi mmoja hamtendei haki.

Kuna hali ambazo mpango huu hauzihusu. Goti lililovimba lote, linalojifunga au lililotoa mlio wa kupasuka na kushindwa kunyooka linahitaji daktari siku hiyo hiyo. Na kwa mtoto wa miaka 12 au 13, maumivu kwenye kibonge cha muundi mara nyingi hutoka kwenye mfupa unaokua, si kano.

Mpiga smashi wetu alirudi kucheza mechi nzima mwezi wa saba. Mashine ya kunyoosha miguu hajaiacha: Jumanne na Ijumaa, seti nne, na ule ubao wa seremala bado uko mlangoni mwa chumba chake.