Kunoa macho na nywele katika picha ya uso

Kunoa macho na nywele ni njia ya kuhariri picha ya uso ambapo ukali huongezwa kwenye macho, kope, nyusi na nywele peke yake, huku ngozi na sehemu zilizo nje ya fokasi zikiachwa kama zilivyo. Hufaa hasa kwa picha zilizopigwa kwenye mwanga hafifu, ambazo tayari zina chengachenga.

## Kwa nini picha nzima hainolewi

Katika unoaji wa kawaida, programu haitambui kope wala ngozi. Hutengeneza nakala ya picha iliyofifishwa, hutafuta tofauti kati ya nakala hiyo na picha yenyewe, kisha huikuza tofauti hiyo:

```
mpya = asili + kiasi × (asili − iliyofifishwa)
```

Mwangaza wa kila pikseli hupimwa kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Chukulia pikseli ya kope yenye 40, ambayo kwenye nakala iliyofifishwa ina 70. Kiasi kikiwa 1, inashuka hadi 10 na kope inaonekana wazi zaidi. Lakini chenga ya shavuni yenye 126, katikati ya ngozi yenye 120, inapanda hadi 132. Tofauti yake na ngozi imetoka 6 hadi 12, yaani imekuwa mara mbili. Vitundu vya ngozi na makunyanzi hukuzwa vivyo hivyo.

Programu nyingi zina kipimo cha `Threshold`, kinachozuia tofauti ndogo zisikuzwe. Kinasaidia kidogo tu, kwa sababu unywele mwembamba unaweza kuwa na tofauti ndogo sawa na ya chenga. Ndiyo maana mhariri mwenyewe huchagua mahali pa kunoa, kwa kutumia barakoa.

## Mfano: picha ya alfajiri Mwanza

Katika Ziwa Viktoria dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na biashara kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, huanza mapema. Chukulia picha ya mama muuza dagaa iliyopigwa hapo kabla ya jua kuchomoza, kwa ISO 3200. Ina pikseli 4000 kwa 6000, nywele zimesukwa mtindo wa twende kilioni, na nyuma yake maji ya ziwa yanang'aa. Kwa programu ya bure ya GIMP, kazi hufuata hatua hizi:

1. Chenga hupunguzwa kwanza, kidogo tu, kwa `Filters > Enhance > Noise Reduction`. Zikinolewa kwanza, huwa ngumu zaidi kuondoa.
2. Tabaka hunakiliwa mara mbili kwa `Layer > Duplicate Layer`: moja la macho, jingine la nywele. Yote mawili huwekwa kwenye hali ya `Luminance`, ili mwangaza pekee unolewe na chenga za rangi zisikolezwe.
3. Kila tabaka hunolewa kwa `Sharpen (Unsharp Mask)`. Kwa macho, `Radius` ya 1 hadi 1.5 na `Amount` ya 0.8 ni mwanzo mzuri. Kwa misuko, `Radius` ya 2 hadi 3 hufaa zaidi, kwa sababu mistari yake ni mipana kuliko chenga.
4. Kila tabaka huwekewa barakoa ya `Black (full transparency)`, na unoaji wote hufichika.
5. Kwa brashi laini nyeupe, barakoa hupakwa juu ya sehemu yenye rangi ya jicho, kope na nyusi; kisha, kwenye tabaka la pili, juu ya misuko. Weupe wa jicho huachwa, la sivyo mishipa yake myekundu hujitokeza.

## Makosa ya kawaida

Nywele nyeusi ndizo ngumu zaidi. Huakisi mwanga kidogo, na chenga huonekana zaidi gizani. Katika nywele fupi za kipilipili, chenga hufanana sana na nywele zenyewe. Mhariri huweza kudhani ameongeza undani kumbe amekuza chenga. Picha ikikuzwa hadi 100%, nywele halisi hujikunja na kuendelea, ilhali chenga ni vidoadoa visivyo na mwelekeo.

Kosa la pili ni mstari mweupe kando ya kichwa, pale nywele nyeusi zinapokutana na maji yanayong'aa. Hutokana na upande angavu kuangazwa zaidi. Huepukwa kwa kuacha kupaka pikseli chache kabla ya ukingo.

Ili kukagua kazi, tabaka zilizonolewa huzimwa na kuwashwa huku jicho likitazama paji la uso na mashavu. Yakibadilika, brashi imevuka mpaka, na hapo hupakwa nyeusi kwenye barakoa.

## Mipaka

Unoaji hukuza tofauti zilizopo, haurudishi zilizopotea. Iwapo fokasi iliangukia sikio badala ya jicho, kope hazitapatikana kwa kuongeza `Amount`, bali chenga zitazidi. Katika hali hiyo, dawa ni kupiga picha upya na kuelekeza fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera.