Surua huanza kabla ya vipele

Tuseme ni mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi miwili, anakaa na wazazi wake nje kidogo ya Dodoma mjini. Jumamosi ameamka na homa na makamasi. Jumapili kikohozi kikavu kimeanza, macho yamekuwa mekundu, yanatoka machozi, na kila akielekezwa mlangoni kwenye mwanga anageuza uso. Jumatatu mama yake anampeleka zahanati. Wanakaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima pamoja na akina mama wengine, mtoto anapewa dawa ya kushusha homa, wanarudi nyumbani. Jumatano asubuhi, akimwosha uso, mama anaona vipele nyuma ya masikio.

Hii ni surua, ambayo wengine, hasa Kenya, huiita ukambi. Vipele vyake huanzia nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, hushuka usoni, kisha kifuani na tumboni, na kwa siku kama tatu huwa vimefika miguuni. Vitabu vingi vinasema ni vyekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Pitisha kiganja mgongoni: ngozi imekuwa kama imemwagiwa mchanga. Harara huwasha lakini haileti homa kali na macho mekundu. Tetekuwanga hutoa malengelenge yenye maji. Mtoto mwenye homa na vipele vya aina hii, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu, achukuliwe kuwa ana surua mpaka ithibitike vinginevyo. Siku moja au mbili kabla ya vipele, ukimfungua mdomo kwenye mwanga mzuri, unaweza kuona ndani ya mashavu vidoa vidogo vyeupe kama chembe za chumvi.

Mtoto huyu hakuchanjwa. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akifika miezi 9 na tena miezi 18, na kadi yake iko wazi pale kwenye miezi 9. Mama si mzembe. Alikwenda, akaambiwa arudi siku nyingine, kwa sababu chupa moja ina dozi za watoto kadhaa na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, na siku hiyo alikuwa amekuja peke yake. Kisha kilimo kikaanza, akasafiri shambani. Mapengo mengi ya kwenye kadi huzaliwa hivyo, na inaniuma kila ninaposikia lawama zote zikimwangukia mama.

Alhamisi amerudi zahanati. Nesi anamwona kutoka mlangoni na kumpungia mkono.

"Mama, kaa hapo hapo chini ya mwembe, usiingie ndani. Nakuja mwenyewe."

Huko si kumfukuza. Virusi vya surua husafiri kwa hewa, na vinaweza kubaki chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu naye, 9 hivi wataugua. Kumhudumia nje, kabla ya wengine, ndiyo kinga ya wote walio kwenye foleni.

Hapo chini ya mwembe nesi anachukua kapsuli nyekundu, anakata ncha yake kwa mkasi na kukamulia mafuta yote mdomoni mwa mtoto. Hiyo ni vitamini A, yuniti 200,000, dozi ya mtoto wa mwaka 1 na zaidi. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, kapsuli ya bluu, na aliye chini ya miezi 6 hupewa 50,000. Kesho atapewa tena kiasi kilekile. Akina mama wengi hapa husema, "Lakini alipata matone kwenye kampeni." Hata kama alipata, apewe. Matone ya kila miezi 6 ni akiba, na surua huimaliza akiba hiyo haraka. Virusi hushambulia ngozi laini ya ndani ya mdomo, ya utumbo, ya njia ya hewa na ya uso wa jicho, na vitamini A ndiyo inayohitajika kuijenga upya.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana jirani tu na mtoto wetu. Katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa matibabu ya kawaida tu, wengine wakaongezewa dozi mbili za vitamini A. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Kati ya 88 waliopewa vitamini walifariki 6. Kati ya 92 wasiopewa walifariki 12. Kwa walio chini ya miaka 2, alifariki 1 upande mmoja na 7 upande wa pili. Idadi ilikuwa ndogo na bado mtu angeweza kutilia shaka, lakini utafiti wa Cape Town wa mwaka 1990 ulielekea kulekule.

Vitamini A haizuii mtu kuambukizwa surua, na kumwongezea mtoto kapsuli nyumbani ni hatari, maana ikizidi humletea kutapika na kuvimba utosi. Dozi ni mbili. Ya tatu, baada ya wiki 2 hadi 4, ni ya mtoto ambaye macho yake yameonyesha upungufu: kioo cha jicho kimekauka na kupoteza mng'ao, au jioni anapapasa akitafuta sahani iliyo mbele yake. Kioo hicho kinaweza kulainika na kutoboka kwa siku chache. Ndiyo maana majani yaliyosagwa na kukamuliwa machoni, hata na bibi mwenye nia njema kabisa, yamepofusha watoto. Macho yasafishwe kwa kitambaa safi na maji safi, basi.

Wazee husema surua lazima itoke nje, kwa hiyo mtoto hufunikwa nguo nzito, haogeshwi, hanyimwi joto bali chakula. Muogeshe. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe uji kidogokidogo, maana mdomo una vidonda. Wengi wanaofariki huuawa na nimonia au kuharisha vinavyofuata. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia: kwa umri huu, 40 au zaidi ni haraka mno. Mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, au jicho likiwa na ukungu, aende hospitali siku hiyohiyo.

Mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake. Vipele vilitoka Jumatano, kwa hiyo akae ndani hadi Jumapili ipite, madirisha wazi, bila wageni na bila mjamzito kuja kumpakata. Dada yake wa miaka 4 ana chanjo zote mbili, yeye hana neno.

Lakini ukirudi nyuma siku 4 unafika Jumamosi, na Jumatatu mtoto huyu alikuwa benchini. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na ugonjwa inaweza kuuzuia, na penye mgonjwa hutolewa hata kwa mtoto wa miezi 6, ambaye bado atarudia akifika 9 na 18. Saa 72 za benchi zinaisha leo Alhamisi. Nesi ameshafungua rejista ya Jumatatu na anasoma majina, mhudumu wa afya wa mtaa anapiga simu. Wa kwanza kufika ni jirani na binti wa miezi 7, ambaye alikaa nao bega kwa bega. Nesi anatoa chupa kwenye friji na kuichanganya, haulizi tena wako wangapi.