Hati ya Makabidhiano ya Kipima Floraidi

Hati ya makabidhiano ya chombo cha maabara ni maelezo ambayo mchambuzi anayeondoka humwandikia anayeshika nafasi yake. Kijitabu cha mtengenezaji hueleza chombo kilivyotoka kiwandani; hati hueleza kilivyo sasa. Mfano mzuri ni elektrodi ya kupimia floraidi katika maji, kazi inayohitajika sana sehemu kama Arusha, ambako baadhi ya vyanzo vya maji hupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita.

Hati huanza na tabia za chombo. Ncha ya elektrodi ina fuwele ya lanthani floraidi. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, floraidi ikiongezeka mara 10, usomaji hushuka kwa takribani milivolti 59. Elektrodi ya siku nyingi huwa chini kidogo ya hapo, na kiwango chake cha kawaida lazima kiandikwe. Tuseme ni 57: myeyusho sanifu wa miligramu 1 kwa lita husoma 112, na wa miligramu 10 husoma 55. Sampuli ikisoma 83.5, katikati kabisa, jibu ni miligramu 3.2 wala si 5.5, kwa kuwa kila hatua sawa ya milivolti huzidisha floraidi badala ya kuijumlisha. Hati hutaja pia kwamba elektrodi iliyotoka kwenye floraidi nyingi hukawia kutulia kwenye floraidi kidogo. Kwa hiyo upimaji huanzia kwenye myeyusho hafifu.

Matunzo hufuata. Tofauti ya 57 ikiporomoka hadi 49, kosa huweza kuwa kwenye miyeyusho au kwenye elektrodi. Kwanza hutengenezwa miyeyusho mipya. Tofauti ikirudi 57, elektrodi haina kosa. Isiporudi, huongezwa kimiminika cha elektrodi rejea, kisha fuwele hung'arishwa kwa karatasi laini mahususi. Lakini namba zote mbili zikihama kwa kiasi kilekile na tofauti ikabaki 57, kusawazisha chombo upya kunatosha.

Mwisho ni akiba ya viwango. Gramu 0.221 za sodiamu floraidi iliyokaushwa, zikiyeyushwa hadi kufikia lita 1, hutoa myeyusho mama wa miligramu 100 kwa lita. Huwekwa kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu floraidi huathiriana na kioo. Hati huorodhesha tarehe ya kutengenezwa, namba ya toleo la kemikali na kiasi kilichobaki. Hutaja pia bafa, inayotiwa kwa kipimo kilekile kwenye sampuli na viwango ili kudhibiti asidi na kuachanisha floraidi na alumini. Myeyusho mama mpya hulinganishwa na wa zamani kabla huo haujaisha.

Kabla ya kutia saini, wachambuzi wote wawili hupima sampuli moja, kila mtu peke yake, anayepokea akifuata hati tu. Majibu yakipishana sana, hati irekebishwe kwanza.